Kiwanja cha Kisesa ndicho kinachobeba mizania yetu yote

Ndugu Mhariri,

Naomba ushauri wako na wa wasomaji wanaojua hesabu. Tunakaa Igoma, Mwanza. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na pia ndiye ninayeandika daftari la VICOBA yetu. Mume wangu ana nusu ya mtumbwi, nusu nyingine ni ya shemeji. Tumeandika mali upande mmoja na madeni upande mwingine, lakini hatukubaliani tunabaki na nini.

Siku ya kuhesabu tulichagua wakati wa mbalamwezi. Giza likiwa totoro mitumbwi iko ziwani, stoo imejaa, na mimi nadaiwa huku nawadai watu, kwa hiyo daftari hubadilika kila asubuhi. Mbalamwezi ikiingia mitumbwi hukaa pwani na hesabu hutulia. Tutakapohesabu tena itakuwa mbalamwezi vilevile, la sivyo tutalinganisha stoo iliyojaa na stoo tupu tukadhani tumefilisika.

Kila mali tumeiandika kwa bei ambayo mtu angeilipa wiki hii, si tuliyonunulia. Taslimu na pesa ya kwenye simu ni 600,000. Hisa za VICOBA 1,200,000. Magunia 12 ya dagaa, kwa 100,000 kila moja, ni 1,200,000. Yangenyeshewa kabla ya kukauka yangekuwa chakula cha kuku, na bei hiyo ningeifuta. Wateja wananidai – samahani, nawadai – 900,000, lakini 300,000 kati ya hizo ni za watu ambao hata simu hawapokei tena, nimeandika 600,000. Mtumbwi, injini, nyavu na taa kwa pamoja havizidi 6,000,000 leo, ingawa injini peke yake ilinunuliwa kwa bei hiyo. Nusu yetu ni 3,000,000. Kodi ya nyumba tuliyolipa mbele sikuiandika, maana mwenye nyumba hairudishi.

Kisha kiwanja cha Kisesa. Dalali anakitangaza kwa 9,000,000, lakini hakijapimwa, karatasi yetu ni ya mauziano tu, na mnunuzi mwenye pesa mkononi amesema 6,000,000. Nimeandika 6,000,000. Jumla ya mali: 12,600,000.

Upande wa madeni, VICOBA wanatudai 1,800,000. Mume wangu alitaka tutoe hisa humo tuandike 600,000 tu. Jibu la mwisho lingekuwa lilelile, ila tungesahau kwamba hisa zile zimeshikwa na mkopo na haziwezi kutusaidia mtoto akiugua. Kwa hiyo hisa zimebaki upande wa mali, na mkopo wote upande wa madeni. Kambi ya dagaa inatudai 700,000. Mwanachama mwenzetu nimemdhamini kwa 500,000. Hilo si deni bado, nimeliandika chini ya ukurasa kwa penseli.

Ubishi uko kwenye mkopo wa taasisi moja ya fedha. Tulichukua 6,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi, na hupigwa juu ya mkopo wote hata ukishalipa nusu. Marejesho ni 680,000 kwa mwezi: 500,000 za mtaji na 180,000 za riba. Yamebaki saba. Mume wangu anaandika 3,500,000, mtaji uliobaki, kwa sababu riba ya miezi ijayo bado haijafika. Mimi naandika 4,760,000, marejesho yote saba, kwa sababu afisa mikopo anasema ukilipa mapema riba haisamehewi. Mkataba wenyewe unasema tu "marejesho yote yatalipwa", hausemi lolote juu ya kulipa mapema.

Kwa hesabu yake tunabaki na 6,600,000. Kwa yangu, 5,340,000. Lakini ondoa kiwanja: yeye anabaki na 600,000, mimi naenda chini ya sifuri kwa 660,000. Na mwezi ujao tunatakiwa 680,000, wakati taslimu ni 600,000, kabla hata ya kununua unga.

Yeye anataka tuuze kiwanja tufute mkopo, akiamini tutakuwa na nafuu. Mimi naona kuuza kwa 6,000,000 kitu tulichokiandika 6,000,000 hakuongezi hata senti. Kiwanja kinatoka, pesa inaingia, deni linatoka. Nafuu ni riba tu, 1,260,000, na hiyo ipo endapo watatusamehe. Wasiposamehe, tutakuwa tumetoa ardhi ili kulipa leo kile ambacho tungelipa kidogo kidogo kwa miezi saba.

Maswali yangu ni haya. Mkataba ukiwa umenyamaza, deni liandikwe kwa takwimu ipi? Tufanye nini ili tupate kwa maandishi kiasi cha kumaliza mkopo leo, kabla mnunuzi wa Kisesa hajaondoka? Na je, kuuza nusu ya mtumbwi kwa shemeji si afadhali, kwa kuwa injini inashuka bei kila mwaka na kiwanja hakishuki? Ila huo mtumbwi ndio unaoniletea dagaa kwa mkopo bila riba, na sijui hilo naliandika upande gani.

Mama wa Igoma,
Mwanza