Pesa ya mkupuo haithibitishi kwamba mama anakutegemea

"Taarifa ya benki ninayo, pesa nimetuma, sasa mnanitoza ya nini?" Sisi tunaoandaa maombi ya uhamiaji tunaulizwa swali hili mara nyingi na watu wanaotaka kuwadhamini wazazi wao wapate ukaazi katika nchi wanakoishi, na baadhi yao huondoka wakiamini tunawaibia. Tueleze kazi yenyewe.

Afisa wa uhamiaji anataka kujua mama angeishije usingemtumia kitu. Tuseme ni mjane, na matumizi yake ya mwezi ni 100: kodi ya nyumba 40, chakula 35, dawa za presha 15, umeme na maji 10. Pensheni aliyoachiwa na marehemu mumewe ni 25, kwa hiyo pengo ni 75. Ukiwa umemtumia 75 kila mwezi kwa mwaka mzima, na risiti zake zinaoana na tarehe ulizotuma, utegemezi unaonekana wazi.

Njia ya mkato ni kutuma 900 kwa mara moja, wiki mbili kabla ya kuomba. Jumla ni ileile, lakini taarifa inaonyesha miezi kumi na moja ambayo mama alikula na kunywa dawa bila pesa yako. Afisa atauliza nani alikuwa anamlisha, na ombi likikataliwa, ombi la pili litasomwa sambamba na la kwanza.

Kosa jingine ni pesa kupitia kwenye simu ya kaka. Kwenye karatasi, anayetegemea hapo ni kaka. Hilo huwa tunalirekebisha kwa kiapo chake mbele ya wakili, taarifa ya laini yake inayoonyesha pesa ikiingia na kutolewa, na risiti za duka la dawa zenye jina la mama. Kuzipanga mwezi kwa mwezi, mstari kwa mstari, ndiko kunakokula siku zetu, na ndiko unakokulipia.

Na kama mama ana chumba anachopangisha, kitajwe. Kodi ya 10 inapunguza pengo hadi 65, haiui ombi. Kuificha ndiko kunakoliua.

Upande wa mdhamini, kipato hupimwa kwa idadi ya watu nyumbani, mama akiwemo, na slipu za mshahara lazima zilingane na kinachoingia benki. Malipo ya saa za ziada yasiyo ya kudumu, usiyategemee kukufikisha kwenye kiwango. Mkataba wa pango uwe na jina lako, uonyeshe idadi ya vyumba, na uambatane na barua ya mwenye nyumba kukubali mtu aongezeke. Msiazime mkataba wa rafiki, tafadhali: anwani yake itagongana na ile iliyo kwenye slipu zako.

Ukija kwetu bila kumbukumbu za pesa, tutakwambia uanze leo kutuma kwa jina la mama mwenyewe, kila mwezi, na urudi baadaye. Kwa ushauri huo hatutozi.