Riba nafuu ya dola, mapato ya sarafu ya nyumbani

Wateja wengi wanaokuja kwetu tuwasaidie kukagua mikataba ya mikopo huja na swali moja: kwa nini nikope sarafu ya nyumbani kwa asilimia 16 wakati kuna anayenipa dola kwa asilimia 8? Swali ni la haki, na jibu tunalitoa kwa kikokotoo mezani.

Tuchukue mfanyabiashara anayehitaji mashine ya dola 30,000. Anauza humuhumu nchini na kulipwa kwa sarafu ya nyumbani. Siku anayokopa, dola moja ni 100 za nyumbani, kwa hiyo mashine ni 3,000,000. Kila mwezi, akishalipa gharama zote isipokuwa mkopo, anabakiwa na 130,000. Mkopo ni wa miaka mitatu, marejesho sawa kila mwezi.

Akikopa kwa sarafu ya nyumbani, rejesho ni 105,471. Akikopa dola, rejesho ni dola 940.09, yaani 94,009 za nyumbani. Anaokoa zaidi ya 11,000 kila mwezi, na hapo ndipo wengi hufunga kikokotoo na kutafuta kalamu ya kusaini.

Sasa mwaka wa kwanza umepita salama na ameshaokoa takriban 137,500. Halafu dola inapanda hadi 130 na kukaa hapo. Mkataba haujabadilika hata nukta, bado ni dola 940.09, lakini kuzinunua sasa kunahitaji 122,212. Zile 36,000 zilizokuwa zikimbakia baada ya rejesho zimekuwa chini ya 8,000. Ukilinganisha na aliyekopa kwa sarafu ya nyumbani, analipa karibu 16,700 zaidi kila mwezi. Akiba yote ya mwaka mzima inaliwa ndani ya miezi minane na kitu, na bado ana karibu miezi kumi na sita mbele.

Kinachouma zaidi ni salio. Baada ya marejesho kumi na mawili anadaiwa dola 20,786. Kwa bei ya 130 hizo ni zaidi kidogo ya 2,702,000. Amelipa zaidi ya 1,128,000 kwa mwaka, na deni lililoanzia 3,000,000 limepungua kwa chini ya 300,000. Mashine nayo imezeeka mwaka mmoja. Akisema aiuze alipe deni amalizane nalo, hesabu inaweza kugoma.

Hili si jambo la kinadharia. Nchini Polandi, watu waliokuwa wakilipwa mishahara ya zloti walichukua mikopo ya nyumba kwa faranga ya Uswisi kwa sababu riba yake ilikuwa ndogo. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kuizuia faranga isipande dhidi ya yuro, na siku hiyohiyo ikaruka juu. Walioamka na deni moja walilala na jingine, bila kukopa hata senti.

Kuna wanaotuambia, "Basi nitafunga bei ya dola mapema." Inawezekana pale benki inapotoa mkataba wa kununua dola za siku za mbele kwa bei iliyokubaliwa leo. Lakini bei hiyo huwa imeshabeba tofauti ya riba. Kwa riba za mfano wetu, dola ya mwaka mmoja mbele ingeuzwa karibu 107.4, kabla ya ada ya benki. Ukifunga marejesho yote kwa njia hiyo, unafuu uliokuvutia unaurudisha karibu wote. Unafuu ule haukuwa zawadi, ulikuwa malipo ya kukubali kubeba hatari ya bei ya dola.

Mkopo wa dola unafaa, tena sana, kwa anayelipwa dola, kwa mfano anayeuza nje. Dola ikipanda, mapato yake nayo yanapanda. Tahadhari tu na mteja wa nyumbani anayeandikiwa ankara ya dola lakini analipa kwa sarafu ya nyumbani: dola ikipaa, huyo ndiye wa kwanza kuomba mjadili bei upya. Sisi mapato yanayotoka kwake hatuyahesabu kama dola.

Ukija ofisini, njoo na taarifa za benki za miezi kumi na miwili na ratiba ya marejesho. Kabla ya lolote tutagawa kinachobaki kila mwezi kwa rejesho la dola. Kwa mfanyabiashara wetu ni 130,000 kwa 940.09, sawa na 138.3. Dola ikivuka bei hiyo, biashara haiwezi tena kulilipa rejesho lake, hata kama mauzo hayajashuka. Kisha tutaangalia pamoja mwenendo wa bei ya dola kwa miaka kumi iliyopita, tuone ni mara ngapi ilipanda kiasi hicho ndani ya muda kama wa mkopo wako.