Jibu la maneno kumi, mbona bei ile ile?

Kazi yetu ni kuwaandikia wenye maduka majibu ya meseji za wateja wao, na wiki hii tena tumeandikiwa na mwenye duka: "Yaani mteja wangu mmemjibu maneno kumi tu, mnanitoza hivi?" Si wa kwanza kusema hivyo, kwa hiyo ngoja nieleze hayo kumi yalivyopatikana.

Meseji ya mteja wake ilikuwa hivi: "cm aiwaki pesa". Basi. Mtu anayeandika hivi mara nyingi anasoma silabi kwa silabi, akifika mwisho wa sentensi ndefu mwanzo umeshamtoka. Mwenye duka alikuwa amemrushia ile meseji yake ya kukopi: "Ndugu mteja, malalamiko yako yamepokelewa, utakaporudishiwa kifaa utajulishwa, tafadhali wasilisha risiti..." Yule mtu akajibu "sawa", asije. Siku tatu baadaye akatuma tena "cm aiwaki pesa", maneno yale yale. Hapo ndipo unajua jibu lako halikusomeka. Hiyo "sawa" haikuwa sawa, ni heshima tu ya mtu asiyetaka kuonekana hajaelewa. Njia ya mkato ilimgharimu mwenye duka siku tatu na mteja mwenye hasira, ndio akaja kwetu.

Tukaandika: "Pole, simu haiwaki. Lete simu dukani kesho. Lete na risiti."

Mwenye duka akatuuliza mbona "simu" na "lete" zimerudiwa, si tungeandika "ilete"? Hapana. Neno ambalo mteja ameshalisoma analitambua kwa kuliangalia tu, "ilete" anaanza upya. Na kwa Kiswahili kuhesabu maneno hakutoshi kabisa, "utakaporudishiwa" ni neno moja lakini lina silabi nane na kila silabi imebeba kitu. Tunahesabu silabi, tunavunja neno refu hata kama sentensi zinaongezeka. Herufi kubwa tupu hatuandiki, maana maneno yote yanakuwa na umbo moja. Emoji pia hatuweki: SMS ya kawaida inabeba herufi 160, ukitia emoji moja inashuka hadi 70, meseji inakatwa vipande na unalipia kila kipande.

Sasa "pesa". Anauliza bei ya kutengeneza au anataka hela yake? Hatukubahatisha, na hatukulichanganya na lile la kwanza, kila meseji na jambo lake. Alipojibu "ntakuja" tukatuma: "Unauliza bei? Jibu 1. Unataka pesa yako? Jibu 2."

Akajibu 2.

Mwenye duka alikuwa ameshaandaa bei ya kioo kipya, na angemtumia hiyo. Wengine wanatuambia si mtume voisi tu, na kweli tunatuma mtu akiwa mwenyewe katuma voisi, ila tarehe na kiasi lazima tuviandike kwa tarakimu, kwa sababu meseji ataionyesha kwa jirani au mwanawe amsomee, na kwa sababu hiyo hiyo namba ya siri hatuigusi kwenye meseji hata siku moja.