Meneja ananiita "Chekechea" mbele ya vijana niliowafundisha kazi, niandike barua ipi?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa tisa usiku, usingizi umenipaa. Asubuhi kuna kikao cha idara na najua nitaitwa vilevile, "Haya, Chekechea atuambie." Watu watacheka, wengine kwa kupenda na wengine kwa woga, na mimi nitasoma taarifa ya mzani sauti ikitetemeka.

Usije ukadhani mimi ni mtu wa kudekezwa. Nimekaa kwenye mizani na stoo ya kiwanda cha alizeti tangu kabla huyu meneja hajaletwa. Wale vijana wanaocheka, nimewafundisha mimi kusawazisha mzani, kutoa uzito wa magunia matupu, kuandika hati ya mapokezi isiyofutwafutwa. Ndiyo maana hilo jina linaniuma. Angeniita hivyo ofisini kwake tukiwa wawili ningemeza.

Msimu uliopita wa ununuzi ndipo alipozidisha. Malori yanatoka Kongwa, Bahi mpaka Kondoa, foleni inafika barabarani. Nikishapima gari, nikaandika, nikasaini, anamwita kijana mmoja, "Hebu rudia, hiyo ya Chekechea siiamini." Dereva anashuka kwa hasira, mkulima ananitazama kama mwizi, gari linarudishwa kwenye mzani na uzito unatoka uleule. Haombi radhi, anapita tu na simu yake sikioni. Halafu mwisho wa msimu nikapewa onyo la maandishi kwamba ninachelewesha magari! Nilisaini, lakini chini yake nikaandika "nimepokea, sikubaliani na maelezo", kama alivyonielekeza jirani yangu aliyewahi kuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi.

Nilikwenda kwa afisa utumishi kwa mdomo tu, nikamwambia nanyanyaswa. Akanisikiliza vizuri, kisha akafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kunionyesha kifungu cha 7. Unyanyasaji unaokatazwa pale umewekwa ndani ya ubaguzi, kwa hiyo lazima uwe umetokana na sababu zilizotajwa, kama kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na nyingine. Akaniuliza, anakuonea kwa sababu ipi kati ya hizo? Nikakosa jibu. Meneja mwenyewe ni wa kwetu, tunasali kanisa moja, na kabla yangu alimwandama mwanamume mpaka akaacha kazi. Hajawahi kunigusa wala kunitaka. Afisa akasema basi hilo ni suala la mahusiano, mkae mzungumze.

Kwa hiyo kwa kuwa hanichukii kwa kabila langu, anaruhusiwa kuniita Chekechea?

Jirani yangu ndiye aliyenituliza kidogo. Alisema afisa amenisomea ukurasa mmoja akafunga kitabu. Kwenye kanuni za utumishi za kiwanda chetu, ambazo tulisaini siku ya kuajiriwa na hakuna anayezisoma, kuna utaratibu wa malalamiko, na malalamiko si lazima yawe ya ubaguzi, inatosha kwamba mfanyakazi ametendewa isivyo haki. Hatua ya kwanza ni kwa msimamizi wako, ila yakimhusu msimamizi mwenyewe yanapelekwa kwa utumishi kwa maandishi, wakishindwa yanakwenda kwa mkurugenzi. Nikiwa mwanachama, kiongozi wa tawi anaweza kuingia nami kikaoni. Akasisitiza nisiandike "ananinyanyasa" nikaishia hapo, maana watanirudisha kwenye kifungu cha 7. Niandike tarehe, gari gani lilirudishwa kwenye mzani, uzito wa kwanza na wa pili, nani alikuwepo, na onyo nililopewa kwa ucheleweshaji alioufanya yeye. Hati za mapokezi zipo, zote zina saini yangu na ya aliyerudia. Na niseme ninachotaka wafanye.

Hapo ndipo ninapokwama, Shangazi. Ninachotaka ni nini? Siku nyingine nataka aniombe radhi kwenye kikao kilekile anachoniitia Chekechea, basi, yaishe. Sitaki afukuzwe, ana watoto wadogo, mkewe tunaimba naye kwaya. Siku nyingine nataka nihamishiwe ofisi ya mauzo nisimwone kabisa. Halafu najiuliza, kwa nini nihame mimi? Mzani ni kazi yangu.

Mume wangu anasema nipige moyo konde, ada za watoto hazingoji. Binamu yangu wa wizarani kule Mtumba anasema nipeleke Tume ya Utumishi wa Umma, lakini ile ni ya watumishi wa serikali, sisi wa kiwanda cha mtu binafsi hatumo.

Sasa juzi afisa utumishi kaniita tena. Anasema ameona nimechoka, na kama nataka kuondoka kwa heshima niandike barua ya kujiuzulu "kwa sababu binafsi", nitoe notisi ya siku 28, naye atahakikisha napata cheti cha utumishi kizuri. Anaitaka Ijumaa. Nilitoka pale nikiwa nimekubali nusu, nasema moyoni afadhali nikakaange maandazi Sabasaba kuliko kuitwa Chekechea mwaka mwingine.

Jirani alipoona rasimu ya ile barua alinikatalia katakata. Anasema cheti cha utumishi ni haki yangu kisheria nikiondoka kwa njia yoyote, si zawadi ya afisa. Na kwamba sheria ileile inamtambua mfanyakazi aliyeacha kazi kwa kuwa mwajiri ameifanya isivumilike, anahesabiwa kama ameachishwa. Lakini kuthibitisha ni juu yangu, na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaangalia kama nilitumia kwanza utaratibu wa malalamiko uliokuwepo, labda niwe na sababu ya msingi ya kutoutumia. Nikienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na fomu namba 1 mkononi, ndani ya siku 30 tangu ajira kukoma, wanaanza na usuluhishi, ukishindikana ndipo uamuzi. Mwajiri atatoa barua yangu mwenyewe inayosema "sababu binafsi" pamoja na shukrani zangu kwa uongozi, na faili halina lalamiko hata moja. Maana nililalamika kwa mdomo! Nani atasema nilisikika?

Namwamini jirani, ila yeye amestaafu, hana wa kumcheka kesho asubuhi. Nikipeleka lalamiko la maandishi, meneja ataonyeshwa, lazima aonyeshwe ili ajibu, na mimi nitaendelea kukaa naye chumba kimoja wakati wanachunguza. Vijana niliotaka wawe mashahidi wote mikataba yao anaisaini yeye. Mmoja tu kaniambia, "Mama, nikiulizwa nitasema," halafu jioni hakunisalimia.

Mimi nimeheshimu kazi yangu. Sijawahi kukosa hata kilo moja kwenye leja. Halafu naitwa Chekechea na mtu asiyejua kutoa uzito wa gunia tupu.

Shangazi, wewe umesoma barua nyingi za watu wa makazini. Nipeleke kwanza lalamiko huku nikiendelea kudhalilika, nikijua huenda wakaamua tu "mpatane", au nijiuzulu Ijumaa lakini niandike sababu ya kweli badala ya hiyo wanayoitaka? Na nikichagua la kwanza, nimwombe nani anihamishe kwa muda bila ionekane nimekimbia mzani? Nijibu kabla ya Ijumaa tafadhali.

Mimi mama wa mizani, Dodoma