Droni mupya inapinduka ikitaka kuruka? Anzia hapa mbele ya kuiarme

Mara nyingi hapa atelie Goma mutu anatuletea droni ya moteri ine aliyojijengea, elisi mbili zimevunjika, anasema "moteri zote zinazunguka vizuri lakini nikiongeza gazi tu inalala kichwa chini." Kuzunguka peke yake haitoshi. Kila moteri inapaswa kuzunguka pa nafasi yake na upande wake, njo maana tunaandika hii mbele ya kukuuzia elisi zingine.

Kitu ya kwanza, toa elisi zote. Hata kama unafanya test ya sekunde mbili tu, toa.

Kiisha tunaanza na ESC, zile sakiti zinazoendesha moteri, kila moteri na yake. Kama zako zinafanya kazi na DShot, ile signali ya namba, hapa huna kitu ya kufanya, pita. Lakini kama ni zile za bei ndogo za signali ya zamani ya PWM, kila moja inapaswa kujua gazi ya chini ni wapi na ya juu ni wapi, bila ile moja inaanza kuzunguka mbele ya zingine. Kwa ArduPilot, programu ya ndani ya kontrola inayoongoza droni, tunafanya hivi: kable ya USB imetoka, telekomande inawaka, gazi juu kabisa, unaweka batri, taa zinaanza kubadilisha rangi. Unatoa batri, unairudisha na gazi ingali juu, na kama kuna kibutoni cha usalama unakifinya. ESC zinapiga bipu kufuatana na seli za batri (3S inapiga tatu), kiisha bipu mbili zingine, hapo unashusha gazi mpaka chini na unasikia bipu moja ndefu. Ongeza gazi kidogo kidogo: zote ine zinapaswa kuanza pamoja. Shusha, toa batri.

Sasa mpangilio, hapa njo kazi iko. Katika Mission Planner, programu ya ordinateri ya kupanga droni, fungua Setup, Optional Hardware, Motor Test, na batri iwekwe. Butoni A ni moteri ya mbele kuume, na B, C, D zinafuata kama mushale wa saa: nyuma kuume, nyuma kushoto, mbele kushoto. Anza na 5%, kama haisongi panda polepole. Kwa droni ya umbo la X, mbele kuume na nyuma kushoto zinazunguka kinyume cha saa, zile mbili zingine zinafuata saa. Bandika kipande cha skoch juu ya moteri utaona upande bila kubahatisha.

Droni moja ya fremu 450 ya kijana anayepiga video za ndoa, tulifinya A ikazunguka ya nyuma kuume, tukafinya B ikazunguka ya mbele kuume. Kable za moteri 1, ya mbele kuume, na 4, ya nyuma kuume, zilikuwa zimebadilishana pa kontrola. Ona sasa: droni ikiinama mbele, kontrola inaongeza nguvu mbele ili iinuke, lakini kuume ile nguvu inaenda nyuma, basi inazidi kuinama mpaka inapinduka. Tukarudisha kable nafasi yake. Kiisha C ikazunguka upande mubaya, pale unabadilisha tu waya mbili kati ya zile tatu za moteri, mbili zozote. Juu hiyo moteri ilikuwa na elisi ya kinyume cha saa, ilikuwa inasukuma hewa juu badala ya chini.

Kama droni haipinduki lakini inajizungusha pa nafasi moja kama pia, angalia sana upande wa mizunguko, maana elisi inaweza kuinua hata kama moteri na elisi yake zote mbili ziko kinyume.

Tukitoka pale ni sensa. Inamisha droni na mukono, kama unaiinamisha mbele na ekra inaonyesha inalala pembeni, mushale wa kontrola hauangalii mbele: igeuze ao badilisha parametre AHRS_ORIENTATION. Kiisha kalibra ya akselerometa, pozisyo sita, uiache itulie kila mara mbele ya kufinya.

Dira njo inasumbua watu wa Goma. Kiwanja ni lava, ukuta ni mawe ya lava, na ile mawe iko na madini ya chuma ndani, bado geti na mabati. Usifanye kalibra yake chini pa kiwanja wala karibu na ukuta, inua droni pa kifua, pahali wazi, simu itoke mufukoni, uigeuze pande zote sita. Ukimaliza, anzisha kontrola upya, elekeza pua kwa Nyiragongo: kutoka katikati ya muji namba pa ekra inapaswa kuwa karibu na 0 ao 10. Elekeza ziwani, iwe karibu na 180. Ikikataa kuarme, ni kusema kufungulia moteri, na kuandika "PreArm: Compass not calibrated", rudilia kalibra, usizime ARMING_CHECK, ile parametre inayokagua droni mbele ya kuarme.

Ukituletea, kuja na batri na telekomande, bila hiyo hatuwezi kufanya ya ESC.