Bosi wa simu 11

Dar es Salaam, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu kutoka Kurasini. Nimechoka ila mzima. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Huyo bosi anayesimama nyuma ya kiti chako akisoma barua pepe kabla hujaituma, nimemjua bila kumwona. Wangu alikuwa wa simu. Siku moja nilihesabu: mara 11 kabla ya saa 10 jioni, zote kuhusu kontena moja. Nisipopokea, anampigia dereva. Siku niliyoifungia simu kwenye droo, alipanda bodaboda akanifuata mpaka getini bandarini.

Nilidhani ananidharau. Kumbe majibu yalikuwa kwenye simu yenyewe: nilipopitia saa alizokuwa akipiga, nyingi zilikuwa kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi, halafu saa 10 jioni. Asubuhi ndipo wateja wanapomsumbua, jioni ndipo anapoamua atoe pesa gani kesho. Na mhasibu aliniambia kwamba mwenzangu aliyenitangulia alikaa kimya karatasi ilipokwama, siku za bure za kontena zikaisha, bosi akalipa dimareji ya watu, ile tozo ya kuchelewesha kontena, kutoka mfukoni mwake. Sasa niambie, ungekuwa wewe ungelala?

Basi nikaanza kumtangulia. Kila siku saa 2:40 asubuhi, kabla mteja hajampigia, namwandikia wasapu. Ujumbe mmoja nilionao bado ni huu:

“Shikamoo bosi. Kontena la matairi: kodi imelipwa jana. Leo linakaguliwa saa 5. Linaweza kukwama kwa wakala wa meli, wanataka barua ya dhamana ya kontena. Siku za bure zinaisha Ijumaa. Naomba usaini barua kabla ya saa 6. Nitakuandikia tena saa 9:30.”

Huo mstari wa mwisho ndio dawa. Akijua saa 9:30 kuna habari, saa 7 anaweza kujizuia. Lakini saa 9:30 ikifika andika, hata kama hakuna kilichosogea. Nami niliandika hivyohivyo: “Bado tupo foleni ya ukaguzi.” Siku moja nilipitiwa na dakika 40 tu, simu zikarudi zote, nikaanza upya kama mgeni. Na usimwagie kila kitu. Wiki ya kwanza nilikuwa namtumia picha za kila karatasi, naye akaniuliza kuhusu kila karatasi. Nikajifunza kumwandikia kontena lipo wapi, linakwenda wapi, nini kinaweza kulikwamisha, na nataka nini kwake.

Imani yenyewe ilikuja siku mbaya. Alhamisi moja uzito kwenye hati ya meli haukulingana na ule wa orodha ya mzigo. Nilitamani kulimaliza kimyakimya, maana marekebisho huanzia kwa wakala wa meli na huwezi kujua watachukua muda gani. Nikakumbuka mwenzangu yule. Ndani ya dakika 10 nikamwandikia kosa lilipo, barua ya kuomba marekebisho nimeshaiandaa, na kwamba kontena likivuka Jumamosi tutaingia kwenye dimareji, kwa hiyo mteja aambiwe leo. Alifoka, shoga, mpaka mhasibu akafunga mlango. Halafu saa 10 ikafika, hakupiga. Marekebisho yakatoka Ijumaa.

Baada ya wiki tatu alikuwa ananijibu “sawa” tu. Mwezi wa pili nikamwomba vitu vidogo vya bandarini vilivyo chini ya shilingi 200,000 nilipe mwenyewe kisha nimpe risiti jioni. Akasema 100,000. Nikachukua hiyohiyo.

Wewe uko kwenye manunuzi, kwa hiyo ya kontena usiyabebe kama yalivyo. Anza kwa kumchunguza wiki hii: anakuja nyuma ya kiti saa ngapi, na muda mfupi kabla ya hapo nani alikuwa amemuuliza nini? Mpelekee jibu la huyo mtu robo saa kabla. Ila ukikuta anarudisha kila barua kwa sababu ya koma na salamu, na tarehe ya mzigo wala haimshughulishi, hapo taarifa zangu hazitakusaidia. Huyo hana wasiwasi, anataka kila kitu kiandikwe kwa mkono wake. Mwombe akupe barua moja aliyoipenda uifuate kama kielelezo, na mkubaliane zipi lazima zipite kwake.

Wangu bado anampigia dereva, kwa taarifa yako. Dereva ndiye amekuja kuniuliza juzi ile “dawa ya saa 2:40” ikoje.

Msalimie mama, mwambie shikamoo yake nimemwekea. Nipigie Jumatano usiku, nitakuwa nimetoka bandarini.

Wako,
Shoga yako wa Kurasini