Mwanangu, zamu za usiku utazigawaje?

Mwanangu mpenzi,

Barua hii nampa kondakta wa basi pamoja na kilo mbili za korosho. Nimeona niandike, maana kwenye simu unacheka, na mimi nasahau nilichokupigia. Huku sote wazima. Baba yako alipopata habari kwamba umekuwa inchaji wa wodi ya wazazi alikwenda msikitini na kurudi akiwaambia watu njiani, hata wasiomuuliza. Mimi nami nimefurahi, mama. Lakini uliponiambia kuwa shoga yako mnayepanga naye chumba amesema, "Sasa na sisi tutalala usiku kama watu," wewe ukacheka, mimi sikucheka. Tangu siku ile nina swali moja tu. Zamu za usiku utazigawaje?

Ulisema mko kumi ukijitoa wewe, na kila usiku wanatakiwa wawili. Mwezi wa siku 30 una zamu 60 za usiku. Kumi wakigawana sawa, kila mmoja anapata sita. Ukimpunguzia shoga yako tatu, hizo tatu hazipotei. Ataingia mwingine, na ninavyokujua utampa yule binti mgeni kwa sababu bado hana mdomo. Yeye atakuwa na tisa, shoga yako tatu. Hakuna haja ya mtu kusema neno, ratiba iko ukutani, watu wanaihesabu kwa kidole.

Unakumbuka yule mama aliyekuwa akikuletea mihogo ya kuchemsha, akakatika kuja nyumbani? Ulipouliza nilikuambia kahama. Hakuhama. Kiwandani tulikaa meza moja miaka minne, tunamenya korosho kwa visu, tunaimba. Kisha mimi nikawekwa kusimamia meza na kupokea mabeseni kabla ya mzani. Korosho nzima nyeupe zilikuwa na bei yake, vipande bei yake. Beseni la kwanza la shoga yangu lilikuwa na vipande vingi chini, nzima zimepangwa juu. Niliingiza mkono nikavigusa. Nikaandika nzima. Nilijiambia ana watoto wanne.

Miezi mitatu nikaandika hivyo. Wengine waliona kabla hata mimi sijajua kwamba wameona, nikaanza kusikia nyimbo zinakatika nikikaribia. Halafu mkaguzi akaja, akamwaga mabeseni juu ya meza, na mimi kwa woga nikamgeukia shoga yangu mbele ya wote nikasema, "Nimekuambia mara ngapi?" Sikuwa nimemwambia hata mara moja. Aliachishwa wiki ile. Mimi nikabaki na kazi, na ada yako ya shule ikalipwa. Basi.

Ndiyo maana nakusumbua. Zungumza naye kabla ratiba haijabandikwa. Usizungumze naye mkiwa mmelala kitandani usiku, wala wodini mbele ya wenzenu. Mtoke mkatembee. Mwambie wazi: "Zamu zako za usiku ni sita kama za kila mtu. Ukiwa na shida ya siku fulani, iandike kwenye daftari la maombi kabla ya tarehe 20 kama wengine. Atakayewahi kuandika ndiye atakayesikilizwa kwanza." Hapo nyamaza. Akinuna, mwache anune. Usimwongezee maneno ya kumbembeleza, maana ukianza kubembeleza utaahidi kitu.

Na kubadilishana zamu, wewe usiwe dalali. Anayetaka kubadilisha atafute mwenzake mwenyewe, waje wote wawili, waandike majina yao, ndipo wewe ukubali au ukatae. Inchaji anayezunguka kumtafutia rafiki yake mtu wa kumshikia usiku, huyo ameshakuwa mtumishi wa rafiki yake.

Kuchelewa nako utakutana nako mapema. Shoga yako huyo, wewe mwenyewe ulinisimulia, alfajiri haimpendi. Siku atakapofika saa mbili na robo wakati zamu ni saa moja na nusu, asisaini juu ya ule mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio, hata akuangalie vipi. Mwite siku hiyo hiyo, pembeni, umweleze lililotokea tu: "Umechelewa dakika 45, na aliyekesha zamu ya usiku amebaki na mama anayejifungua badala ya kwenda kupumzika." Usimwambie "wewe siku zote," usimkumbushe ya chuoni. Akirudia, andika. Mimi nilinyamaza miezi mitatu halafu nikapayuka siku moja, na kimya kile ndicho kilichomtoa kazini.

Lakini usije ukamkomoa ili watu wakuone una haki. Najua una kichwa kigumu kama cha baba yako. Ukimpa usiku nane kuonyesha kwamba humpendelei, umemwonea vilevile. Sita ni sita.

Kuna la pesa. Mchezo mnaocheza pale wodini, uliniambia wewe ndiye unayeshika daftari na kukusanya. Mkabidhi mtu mwingine mwezi huu huu, baki mchezaji tu. Mtu aliyechelewa kuchanga kwako akipangiwa Idi kazini atasema unamlipiza, na huwezi kumjibu. Na ile laki moja na nusu uliyokopa kwa shoga yako ulipokuwa unanunua godoro, ilipe kwanza. Kama hujatimiza niambie, baba yako atauza mbuzi mmoja. Usimsimamie mtu anayekudai.

Lile kundi lenu la WhatsApp mlilokuwa mkimsema inchaji wa zamani, toka. Lakini usitoke kimyakimya kama mwizi. Waandikie kwamba sasa wana haki ya kuwa na mahali pa kukusema wewe, kisha utoke. Chai mnywe pamoja kama zamani, harusi na misiba uende mbele kama zamani. Chumbani mnakoishi, mkubaliane kwamba habari za wodi zinaishia getini. Ikishindikana, tafuta chumba chako. Najua kodi ni kubwa, lakini uliponiambia umepandishwa ulisema na posho itaongezeka kidogo, au nilisikia vibaya?

Siku hizi mwenye beseni la mihogo nakutana naye sokoni. Nikimwamkia anaitikia, akiwa ametazama mizani ya muuza dagaa. Nimewahi kununua khanga nikasema nitampelekea. Iko sandukuni.

Mikorosho yetu imeanza kutoa maua na ubwiri unga umeshaonekana kwenye mingine, baba yako anahangaika na salfa, bomba la kupulizia limekufa. Mdogo wako amefaulu hisabati, Kiingereza hapana. Paa la jikoni linavuja upande ule ule. Mjomba wako anakusalimu, anasema umtafutie mjukuu wake kazi hapo hospitali, na nimeshamjibu kwamba wewe huajiri mtu.

Ukija likizo uje na lile beseni la kijani, usiseme tena umelisahau. Na ratiba ya mwezi ujao ukimaliza kuiandika, kabla hujaibandika, nipigie unisomee. Majina yao siyajui, nisomee hesabu tu.

Mama yako